Naomba ushauri: matokeo ya dodoso la ujuzi wa matela yamekataliwa na bosi

Karatasi_Nyingi (mleta mada): Wakuu habari za muda huu. Niko rasilimali watu kwenye benki moja, nimepewa kazi ya kuangalia watu wa mbele, yaani matela na wale wa dawati la kufungua akaunti, wanatakiwa wajue nini na wanajua nini kwa sasa, pale palipopungua ndo tupeleke mafunzo. Nikatoa dodoso, kila ujuzi unapimwa 1 mpaka 5, kinachotakiwa ni 4. Wamejaza watu 60. Kufunga keshi wastani 4.4, kukagua nyaraka za mteja 4.2, kuongea na mteja mwenye hasira 3.1. Mimi naona pengo ni moja tu, huduma kwa wateja. Bosi wa uendeshaji kaikataa, anasema nyaraka ndo zinamuumiza kichwa. Jumatatu nawasilisha, nimjibuje?

Mama_Foleni: Bosi wako mwache, kozi ya huduma kwa wateja wapewe hata kesho. Juzi nimesimama mbele ya dirisha binti anahesabu noti hata kuniangalia hataki, salamu yangu ikapotelea hewani. Malezi hakuna siku hizi.

Supavaiza_Mstaafu: Mama, binti akihesabu noti mwache ahesabu, akikuitikia akapoteza hesabu shoti inakatwa kwake. Mleta mada, hizo alama nani kaweka, wenyewe au supavaiza wao? Na fomu ilikuwa na jina?

Karatasi_Nyingi: Wenyewe. Na jina lilikuwepo, tutajuaje wa kumpeleka mafunzo bila jina?

Supavaiza_Mstaafu: Ndo maana. Nani ataandika jina lake halafu akiri hajui kukagua kitambulisho, wakati ndo kazi yake na fomu inarudi kwa waajiri? Kwenye hasira za wateja anajipa 3 bila woga kwa sababu hapo lawama ni ya mteja. Hiyo 4.2 imepima woga.

Kidole_Gumba: Rahisi tu, wape mtihani wote wa nyaraka, atakayefeli aende kozi. Sisi tulifanyiwa hivyo.

Supavaiza_Mstaafu: Mtihani unasaidia nusu. Mtu anapata 90 akiwa amekaa kwenye kiti, ila mwisho wa mwezi watu wamejaa mpaka mlangoni anapitisha kitambulisho kilichoisha muda. Huyo anajua, kozi haitamuongezea kitu. Mleta mada nenda bek ofisi, omba fomu za kufungua akaunti zilizorudishwa mwezi uliopita, uzipange kwa kosa, kwa mtu na kwa siku.

Karatasi_Nyingi: Nimezipata. Fomu 200, zimerudishwa 57. Chanzo cha kipato 34, nyingi wameandika "biashara" basi. Vitambulisho vilivyoisha muda 14, saini 9. Lakini bado huduma kwa wateja ni muhimu jamani.

Kidole_Gumba: Mbona unaing'ang'ania hiyo kozi kama ina mahari yako?

Karatasi_Nyingi: Sawa niseme tu. Mkufunzi alishapewa malipo ya awali kabla dodoso halijatoka, siku mbili za huduma kwa wateja. Sio kwamba nimekosea, bajeti isipotumika inarudishwa na malalamiko ya wateja yapo kweli.

Chai_Ya_Rangi: Wakuu mnanyweshwa chai hapa 😂 Malipo kwanza dodoso baadaye? Hii ni asainimenti ya mtu chuo, mnamfanyia kazi bure.

Mama_Foleni: Hata mimi nilishangaa, benki gani inaomba ushauri mtandaoni.

Karatasi_Nyingi: Nina miaka kazini, sina haja ya kukuthibitishia.

Supavaiza_Mstaafu: Chai, mwanafunzi angetunga kosa la saini. Hilo la "biashara" tupu analijua aliyeshika fomu. Tuendelee. Hizo 34 ni za watu wale wale siku zote?

Karatasi_Nyingi: Karibu zote ni watu saba, hata siku tulivu. Vitambulisho vimetawanyika kwa watu wengi, 12 kati ya 14 ni siku za mwisho wa mwezi.

Supavaiza_Mstaafu: Basi hao saba ndo wa mafunzo: wakae na mtu anayejua, mteja akisema biashara wamuulize anauza nini, wapi, na kwa mwezi anaingiza kiasi gani. Vitambulisho ni mfumo, mbona unakubali tarehe iliyopita? Uzuiwe hapo hapo. Na wateja wanalalamikia nini hasa?

Karatasi_Nyingi: Nimesoma rejista ya malalamiko sasa hivi. Wengi wanalalamika kuitwa tena kusahihisha fomu waliyokwisha jaza.

Kidole_Gumba: Kwa hiyo hasira inatoka kwenye zile 57 🙆

Karatasi_Nyingi: Naiona. Ila mkufunzi hajui nyaraka za benki na hela haitarudi. Nimuombe siku moja awe anafundisha namna ya kumhoji mteja, au nimwache afanye yake halafu hao saba niwashughulikie pembeni kimya kimya?

Supavaiza_Mstaafu: Kimya kimya hapana, bosi wa uendeshaji ndo mwenye hao saba. Kaongee naye kabla ya Jumatatu.