Firestore au SQLite na foleni ya kujiandikia, kwa apu ya ghala isiyotegemea mtandao?

Mchwa_Kazi: Wakuu, natengeneza apu ya hesabu ya ghala. Mtandao ukikatika kazi iendelee, ukirudi data ipande seva. Nimebaki na Firestore, au SQLite ndani ya simu pamoja na foleni ya kutuma nitakayoiandika mwenyewe. Natakiwa kuamua wiki hii. Ipi?

Kipanga: Maelezo hayatoshi, mkuu. Simu ngapi zinagusa bidhaa ileile? Android tu, au na kivinjari?

Mchwa_Kazi: Simu nne, Android, bidhaa zilezile.

Zuhura_K: Firestore. Inaweka nakala kwenye simu na kutuma yenyewe mtandao ukirudi. Kuandika foleni ni kujitafutia kazi.

Kipanga: Kutuma inatuma, tatizo ni kile unachoipa itume. Stoo ina 40. Simu ya kwanza, bila mtandao, inatoa 3 na kuandika 37. Ya pili inatoa 5 na kuandika 35. Zikipanda, iliyofika mwisho inafuta ya mwenzake: unabaki na 35 au 37, na mzigo uliopo ni 32. Hakuna ujumbe wowote wa kosa, utaliona pengo siku ya kuhesabu mali.

Zuhura_K: Ndiyo maana kuna `FieldValue.increment(-3)`. Inatuma badiliko, si jumla, hata ukiwa nje ya mtandao.

Kipanga: Hapo sawa, 32 itapatikana. Ila jumla haikuambii nani alitoa nini. Ningeweka kila utoaji safu yake, na UUID itengenezwe kwenye simu pale mtu anapobonyeza. Seva inaweza kupokea, jibu likapotea njiani, simu ikatuma tena; bila kinga, zile 3 zinatoka mara mbili. Kinga ni hii:

```sql
INSERT INTO utoaji (id, bidhaa, badiliko)
VALUES (:id, :bidhaa, :badiliko)
ON CONFLICT (id) DO NOTHING;
```

Safu isitoke kwenye foleni mpaka seva ijibu. Na ukitengeneza UUID mpya kila unapojaribu kutuma, kinga hiyo haina kazi.

Dau_Jeupe: Yangu ni ya kivinjari, na Safari inafuta data baada ya siku 7. Nikihamia CouchDB nitapona?

Zuhura_K: Hapana, ndugu. Hizo ni siku 7 za kutumia Safari bila mtu kugusa tovuti yako. Kisichopanda kabla ya hapo kimepotea, hata seva iwe ipi. Mwambie mtumiaji aiweke kwenye skrini ya mwanzo.

Mchwa_Kazi: Simu zangu saa zake hazilingani. Nipange utoaji kwa saa ipi?

Kipanga: Saa ya simu ihifadhi kwa kuonyesha tu. Seva ikipokea iupe kila utoaji namba inayopanda, na simu iombe vyote vilivyo juu ya namba ya mwisho iliyo nayo.

Zuhura_K: Na seva hiyo nani ataiangalia usiku ikianguka? Mchwa_Kazi, uko peke yako au una timu? Hilo bado hujasema.