Kidato cha nne, Hesabu ya Necta ni Novemba: tupeane uzoefu wa kutumia past pepa

Mleta mada: Wengi wanasolvu past pepa nyingi ila maksi hazipandi. Yupo anayepata 32 kwenye moko na anataka C, yaani 45. Afanyeje miezi hii?

Mwl. Hisabati: Pepa moja kwa wiki inatosha, ila ifanywe yote. Jumamosi asubuhi akae saa 3 mfululizo, daftari limefungwa, simu chumba kingine. Sehemu A ina maswali 10 ya maksi 6, dakika 10 kila moja. Sehemu B ina manne ya maksi 10, dakika 18 kila moja. Zinabaki dakika 8 za kupitia. Dakika zikiisha na swali halijaisha, aache nafasi aende mbele.

Jumapili asahihishe, na kila maksi iliyopotea aiandikie sababu: sikujua njia, nilijua nikateleza, au sikufika. Huyo wa 32 amepoteza 68. Tuseme 40 hakujua njia, 12 ni alama ya kutoa iliyogeuka alipofungua mabano, 16 hakufika. Hapo 28 hazihitaji mada mpya hata moja, na yeye anahitaji 13 tu. Jumatatu hadi Alhamisi, dakika 40 za prepo ni za makosa hayohayo. Ijumaa arudie maswali aliyokosa bila kuangalia majibu. Akikwama palepale, ujue alinakili tu.

Dogo wa Mbeya: Mbona rahisi? Angalia mada zinazojirudia, takwimu na matriksi, zingine achana nazo.

Mwl. Hisabati: Kuanza na hizo ni sawa, mdogo wangu. Kuacha zingine ndiyo hatari. Sehemu A ina maksi 60 na inagusa mada nyingi za tangu kidato cha kwanza: sehemu, logariti, seti. Ndipo mwenye 32 anapopandia.

Mama Wawili: Samahani walimu, wangu yuko kidato cha pili. Naye aanze?

Mleta mada: Dada, hapa ni cha nne. Wa pili ana mtihani wake, past pepa zake ni tofauti.

Msahihishaji: Naongeza jambo moja. Tovuti ya Necta ina taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Zinaonyesha jibu zuri na jibu baya kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Ukisoma jibu baya, tafuta mstari lilipoharibikia kabla hujasoma maelezo.

Kutwa tu: Sisi wa kutwa tunafika nyumbani saa 12 jioni, maji na mapishi vinasubiri. Dakika 40 ziko wapi?

Mwl. Hisabati: Jaribu alfajiri, saa 11, hata dakika 25. Maswali mawili ya sehemu A yanaingia.

Dogo wa Mbeya: Mimi usiku ndio kichwa kinafanya kazi.

Msahihishaji: Pepa ya Jumamosi basi usiifanye usiku. Mtihani ni mchana.

Kutwa tu: Na Jumamosi tukiwa na masomo ya ziada?