Tupeane uzoefu: kuweka mtu mzima pahali pa mwingine katika foto

Mukubwa wa Katindo
Habari zenu, ndugu. Leo tusiongelee kubadilisha sura, tuongelee mtu mzima, kichwa hadi viatu. Naanza na kazi niliyo nayo mezani.

Ni foto ya ndoa iliyopigwa hapa Goma, kando ya ziwa. Yaya wa bibi arusi, yaani ndugu yake mkubwa, alibaki Lubumbashi kwa sababu ya kazi, binamu yake akasimama pahali pake kwa makubaliano ya wote. Sasa familia inataka yaya mwenyewe awemo. Kikwembe cha familia alishatumiwa, na shati ameshalishona.

Kitu kinachowashinda wengi hapa ni kipimo. Mimi naanzia pale maji ya ziwa yanapoishia kwa mbali. Mstari ule uko sawa na urefu ambao kamera ilishikwa, na kwenye ardhi tambarare unamkata kila mtu kwenye urefu huohuo, awe mbele au nyuma. Binamu ana mita 1.70 na kwenye foto anachukua pikseli 1360, kwa hiyo mita moja ni pikseli 800. Toka nyayo zake hadi mstari wa maji kuna pikseli 1200, basi kamera ilikuwa mita 1.5 juu. Yaya ana mita 1.82: atachukua pikseli 1456, nyayo zikikaa pale pale pa binamu.

Ninyi munafanyaje?

Fundi Kadutu
Papa, hesabu za nini? Mimi nasawazisha macho ya mgeni na macho ya walio karibu naye, namaliza. Bukavu hakuna mteja aliyenirudishia kazi.

Mukubwa wa Katindo
Fundi, hiyo inakubali kama kamera iko usawa wa macho na watu wanalingana urefu. Hapa yaya anampita binamu sentimita 12. Ukisawazisha macho utamfupisha, na mama yake atauliza mtoto wake amekuwaje. Angalia hivi: kwa binamu mstari wa maji unapita kidevuni. Kwa yaya lazima upite kwenye mabega. Ukipita kidevuni kwa wote wawili, ujue umemkosea kipimo.

Dada wa Kamalondo
Na huyo yaya atapigwa foto namna gani huko kwetu? Mimi niliwahi kuletewa selfi, mkono umenyooshwa juu, kichwa kikubwa, miguu kama ya mtoto. Nilivuta, nikapunguza, haikukubali. Nikamwomba mwenyewe arudi kupigwa upya. Simu ikae mita 1.5 toka chini, na umbali uwe uleule wa foto ya kwanza. Umbali ndio unaopanga mwili unavyoonekana; zuum inasogeza tu, haibadilishi uwiano.

Halafu udongo wetu ni mwekundu. Akisimama kwenye jua, wekundu unapanda chini ya kidevu na kwenye suruali. Kwenu ni mawe meusi ya volkano, hayarudishi mwanga hivyo. Msimamishe kwenye sakafu ya simenti, na jua lije upande uleule.

Mukubwa wa Katindo
Asante, dada. Walipigwa toka mita 5 hivi, jua liko kushoto. Nitamwandikia leo.

Baba Junior
Samahani wakubwa, mimi nataka foto ya pasi, nyuma iwe nyeupe. Ni bei gani?

Dada wa Kamalondo
Baba Junior, hiyo nenda upigwe upya tu. Foto ya pasi haichezewi.

Fundi Kadutu
Sawa, mstari nimeuelewa. Lakini mkono je? Binamu amemshika begani yule dada aliye karibu naye?

Mukubwa wa Katindo
Ndiyo, na hapo ndipo kazi ilipo. Nikimwondoa binamu, vidole vyake vinabaki juu ya kikwembe cha dada, na chini yake hakuna nguo ya kurudisha. Ukinakili kipande cha pembeni, maua ya kikwembe yanajirudia na jicho linayaona mara moja. Nimemwomba mpiga picha zile nyingine alizopiga mfululizo. Kuna moja binamu ameshusha mkono. Bega la dada nitalitoa humo. Yaya naye nitamwambia amshike mtu mwenye kimo cha dada, kwa sababu bega lake liko juu zaidi na mkono wake utashuka kwa mteremko kuliko wa binamu.

Mtoto wa Ndosho
Mimi swali langu ni zito kidogo. Foto zetu ziliungua na nyumba wakati wa Nyiragongo 2021. Ya mama imebaki moja, kichwa na mabega tu. Wadogo zangu wanataka asimame nasi. Naweza kutumia mwili wa mama mdogo?

Dada wa Kamalondo
Pole sana. Inawezekana, kama mama mdogo anakubali na mwili wake unafanana na wa mama. Kwa mtu mzima urefu wote ni kama vichwa saba au saba na nusu, kwa hiyo kichwa kisizidi hapo. Angalia shingo pia, huwa inasaliti kabla ya uso. Pozi lifuate foto ya mama: kama bega moja limegeuka, mama mdogo ageuke vilevile.

Fundi Kadutu
Mimi ningekataa kazi hiyo. Watoto wadogo watakua wakiamini mama yao alisimama vile.

Mtoto wa Ndosho
Wadogo zangu wanajua vizuri kwamba ni ya kutengenezwa, papa. Kinachotugawa ni kikwembe: mmoja anataka kile alichopenda mama, mwingine anataka chetu cha sasa.