Slaidi na Excel za Kiswahili na Kiurdu: faili moja au mbili? Namba zinageuka

BintiKaliua
Wadau, habari za jioni. Niko Tabora mjini, nina kazi ya mnunuzi wa dengu anayetaka slaidi na jedwali la mzigo kwa Kiswahili na Kiurdu. Tafsiri ninayo tayari, mzee mmoja wa hapa mjini amenichapia na kunitumia kwa WhatsApp. Kinachonisumbua ni mpangilio. Nikibandika, nukta ya mwisho inarukia mwanzo wa sentensi na mabano yanatazama upande usio wake. Sasa nashindwa kuamua: niweke lugha zote mbili kwenye faili moja, Kiswahili kushoto na Kiurdu kulia, au nitengeneze faili mbili? Na nibaki na Excel na PowerPoint au nihamie LibreOffice? Kazi inatakiwa Ijumaa.

Mwanga_Kigoma
Dada, hujatuambia mambo ya msingi. Hilo jedwali litasomwa tu au huyo mnunuzi naye ataingiza namba? Lina fomula? Slaidi zitaonyeshwa kwa kompyuta yako au yake? Na Excel yako ni ya mwaka gani? Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

Kijana_wa_Isevya
Mbona rahisi. Chagua maandishi yote, bonyeza `Ctrl+R` yaende kulia, umemaliza. Mimi nimefanya hivyo kwenye mialiko ya harusi mara nyingi tu.

Mzee_Malagarasi
Kijana, `Ctrl+R` inasogeza maandishi upande wa kulia, haibadilishi mwelekeo wa aya. Ni vitu viwili tofauti, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Aya ikiwa bado ni ya kushoto kwenda kulia, kompyuta inaiona nukta ya kawaida kama alama isiyo na upande, inaipeleka mwisho wa aya kwa hesabu yake, yaani kulia. Kwa msomaji wa Kiurdu kule ndiko mwanzo. Ndiyo maana binti anaiona imeruka.

Kwenye PowerPoint kuna vitufe viwili vya mwelekeo katika `Home`, sehemu ya `Paragraph`. Kama huvioni, nenda `File > Options > Language` uongeze Urdu, funga programu, fungua tena. Halafu mwombe mzee wako atumie nukta ya Kiurdu yenyewe, ile kama kistari kifupi chini, ambayo namba yake katika Unikodi, orodha ya herufi zote za kompyuta, ni U+06D4. Hiyo inahesabiwa kama herufi ya kulia kwenda kushoto, hairuki hata aya ikikosewa.

BintiKaliua
Asanteni. Nimeviona vitufe, slaidi zimetulia. Majibu ya Mwanga: mnunuzi anasoma tu, lakini sisi wa ghalani tunaingiza namba kila siku. Kuna `VLOOKUP` inayovuta uzito kwa namba ya shehena. Slaidi zitaonyeshwa kwa kompyuta yake.

Ila Excel ndiyo imenitisha zaidi. Namba za shehena tunaziandika 07-24, yaani ghala la 7, rundo la 24. Safu hiyo niliifanya `Text` tangu mwanzo ili Excel isiifanye tarehe. Kwenye safu ya Kiswahili iko sawa. Kwenye safu ya Kiurdu, ambapo mbele yake kuna maneno ya kusema "namba ya shehena", inaonekana 24-07. Sijabadilisha kitu.

Nguruka_Stesheni
Hama LibreOffice, dada. Ni ya bure, na Calc ina `Sheet > Right-To-Left`. Mimi ofisi nzima tumehama na hatujutii.

Mzee_Malagarasi
Nguruka, LibreOffice ni nzuri, lakini hili halitaisha kwa kuhama. Kanuni inayogeuza hiyo namba ni ya Unikodi, na programu zote zinaifuata. Tarakimu zikitanguliwa na herufi za Kiurdu, kila fungu la tarakimu linabaki kama lilivyo, lakini kistari kilicho katikati kinahesabiwa ni sehemu ya mtiririko wa kulia kwenda kushoto. Kwa hiyo 07 inakaa kulia, kisha kistari, kisha 24 kushoto. Seli ikiwa na 07-24 peke yake, bila neno la Kiurdu, haigeuki. Binti, jaribu uone.

Data yenyewe haijaharibika. Pima kwa hii, ukiweka seli yako badala ya D2:

```
=RIGHT(D2,2)
```

Ikikupa 24, basi kumbukumbu iko sawa, kilichogeuka ni sura tu.

BintiKaliua
Imenipa 24.

Mwanga_Kigoma
Usiseme "sura tu", mzee wangu. Sura ndiyo inayosomwa. Niwaeleze yaliyotukuta huku Kigoma.

Kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga iliyofungwa na mafundi kutoka Pakistani. Orodha ya vipuri ilikuja kwenye Excel, Kiingereza upande mmoja na Kiurdu upande wa pili, na kila sanduku lilikuwa na namba ya rafu na nafasi. Yaliyokuwa na herufi za kilatini hayakuwa na shida. Tatizo lilikuwa yale yenye tarakimu tupu, na kati yake kulikuwa na 31-13 na 13-31, yote mawili yapo stoo. Fundi alisoma safu ya Kiurdu, akamwagiza kijana wetu kwa mdomo, kijana akaenda akalikuta sanduku la namba ile ile aliyotajiwa, akalileta. Hakuna aliyeshtuka maana sanduku lilikuwepo. Kama namba ingekuwa 31-99 wangejua mara moja kwamba 99-31 haipo.

Walifungua mashine, wakakuta mkanda si wenyewe, wakarudi stoo, wakabishana nani kakosea kusoma. Kila mmoja alikuwa anaonyesha safu yake na kila mmoja yuko sahihi kwa macho yake. Ilichukua mpaka mtu alipoweka kishale cha kipanya ndani ya seli na kukisogeza tarakimu moja moja kwa kibodi, ndipo tukaona kishale kinarukaruka: kinapita 31, kisha kinaruka kwenda upande wa pili kupita 13. Wakulima wamepanga foleni na magunia yao nje muda wote huo. Kwa hiyo tafadhali, namba ya shehena isiachwe hivyo.

Sheikh_wa_Gongoni
Mimi nasoma Kiurdu, nilisoma kule Pakistani miaka kadhaa. Naongeza jambo moja: si kila kinachogeuka ni kosa. Ukiandika unyevu ni 10-12, msomaji wa Kiurdu anaanzia kulia, anakutana na 10 kwanza, kisha 12. Kwake hiyo ndiyo sawa. Ukimgeuzia, ataona unaanza na kubwa. Kwa hiyo tenganisha masafa ya kiasi na namba za utambulisho. Namba za shehena na za simu zina mpangilio wake mmoja duniani kote, hizo zilindwe.

Mzee_Malagarasi
Sheikh umenena, ingawa nimeona nyaraka za Pakistani zikiandika masafa kwa njia zote mbili. Mwulize mnunuzi mwenyewe, au andika kwa neno, "kuanzia 10 hadi 12", ubishi uishe.

Kwa shehena, weka alama fiche ya kushoto kwenda kulia, U+200E, kabla tu ya tarakimu. Haionekani, kazi yake ni kuiambia programu kwamba kinachofuata ni cha kushoto kwenda kulia. Kama maneno ya Kiurdu yako C2 na namba iko A2:

```
=C2&" "&UNICHAR(8206)&A2
```

8206 ni hiyo hiyo 200E kwa hesabu ya kawaida. Namba za simu nazo fanya hivyo, maana +255 ikifuatiwa na nafasi, mafungu yote yanapangwa upya na alama ya kujumlisha inahamia upande mwingine.

BintiKaliua
Imeleta `#NAME?`.

Mwanga_Kigoma
Basi Excel yako ni ya 2010 au nyuma ya hapo. `UNICHAR` ilianza na ya 2013. Ndiyo maana niliuliza mapema.

Mzee_Malagarasi
Hakuna neno. Fungua Word, andika 200E, bonyeza `Alt+X`. Maandishi yatatoweka, usidhani imeshindikana, alama imeshakaa pale. Chagua hapo kwa `Shift` na mshale, nakili, bandika kwenye seli Z1 ya Excel. Hakiki kwa `=LEN(Z1)`, ikupe 1. Kisha:

```
=C2&" "&$Z$1&A2
```

Lakini nisikilize vizuri: alama hiyo isiingie kamwe kwenye safu ya A ambayo `VLOOKUP` inaitafuta. 07-24 yenye alama fiche na 07-24 tupu kwa macho ni moja, kwa Excel ni vitu viwili, utapata `#N/A` na hutaona sababu.

Hapo na swali lako la faili moja au mbili linapata jibu langu: faili moja, shiti mbili. Shiti ya kwanza ni ya ghalani, ya Kiswahili, ndiyo mnaingiza namba. Ya pili ni ya Kiurdu, inavuta kila kitu kwa fomula, na hiyo peke yake igeuze kwa `Page Layout`, kitufe cha `Sheet Right-to-Left`. Safu ya A itahamia kulia, ila inabaki kuitwa A na fomula hazivunjiki.

Nguruka_Stesheni
Mimi bado nasema faili mbili. Mtu wa ghalani akifuta safu moja kwenye shiti ya kwanza, ya Kiurdu yote inajaa `#REF!` mbele ya mnunuzi. Mpe faili yake, ikiwezekana PDF.

Sheikh_wa_Gongoni
PDF naiunga mkono kwa sababu nyingine: fonti. Wasomaji wa Kiurdu wamezoea Nastaliki, ile inayoteremka kwa mshazari. Kompyuta isipokuwa na fonti hiyo, itaweka Naskhi kama ya Kiarabu. Inasomeka, lakini kwa Mpakistani inaonekana ngeni, na mistari yote inabadilika urefu.

Mwanga_Kigoma
PowerPoint inaweza kubeba fonti ndani ya faili, `File > Options > Save`, weka tiki kwenye `Embed fonts in the file`. Excel haina hicho kitu. Na Nastaliki inataka nafasi ya juu na chini, ongeza kimo cha safu mlalo kwa mkono la sivyo vichwa vya herufi vinakatwa.

Kijana_wa_Isevya
Fonti gani sasa? Na hivi hizo herufi si ndizo wazee wetu wa Ujiji walikuwa wanaandikia Kiswahili zamani?

Sheikh_wa_Gongoni
Ni za ukoo mmoja, ila Kiurdu kina herufi za ziada ambazo Kiarabu hakina. Kwangu nyumbani kuna barua za babu za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, nitakuonyesha ukipita. Fonti, mimi natumia Noto Nastaliq Urdu, ni ya bure.

Nguruka_Stesheni
Jameel Noori Nastaleeq ndiyo wanayoitumia wengi kule, na haili nafasi kama Noto.

Sheikh_wa_Gongoni
Haili nafasi, lakini angalia kwanza maneno ya mzee wa Tabora yanavyotoka. Noto kwa slaidi inasomeka kwa mbali.

BintiKaliua
Shehena zote za safu ya Kiurdu sasa zinasoma sawa, na `VLOOKUP` inafanya kazi. Kuhusu PDF, mnunuzi amesema anataka achuje mwenyewe kwa daraja la dengu, kwa hiyo nitampa Excel. Bado grafu ya bei kwa mwezi: shiti nimeigeuza lakini grafu imebaki Januari kushoto. Nayo igeuzwe au iachwe?

Mzee_Malagarasi
Grafu haigeuki na shiti. Bonyeza mhimili wa miezi, `Format Axis`, weka tiki `Categories in reverse order`. Mhimili wa bei utahamia kulia wenyewe.

Sheikh_wa_Gongoni
Mimi ningeiacha. Wafanyabiashara wengi nilioishi nao kule wanasoma grafu za kushoto kwenda kulia bila shida.

Mwanga_Kigoma
Ndani ya faili moja, jedwali linaanzia kulia na grafu inaanzia kushoto? Hapana, Sheikh, hapo tunapishana.