Mrejesho: mizizi yote ya 2x³ + x² − 7x + 3 = 0

Niliuliza: "Nimejaribu 1, −1, 3 na −3 kwenye 2x³ + x² − 7x + 3 = 0, hakuna inayotoa sifuri. Nitapataje mizizi yote?"

Asanteni wote. Aliyesema nigawanye vigawo vya 3 kwa vigawo vya 2 ndiye aliyenifungulia njia, maana orodha yangu haikuwa na ±1/2 wala ±3/2.

Ushauri wa kutazama alama ulipunguza kazi zaidi. Ukiweka 0 unapata 3, ukiweka 1 unapata −1, kwa hiyo lazima kuna mzizi katikati yake. Kwenye orodha, pale katikati ipo 1/2 tu. Nikaiweka: 1/4 + 1/4 − 7/2 + 3 = 0. Raha kweli!

Kugawanya kwa (2x − 1) kuliniachia x² + x − 3. Hapo orodha haina msaada tena, kwani mizizi iliyobaki ni (−1 ± √13)/2, yaani karibu 1.303 na −2.303. Kanuni ya kipeo cha pili ilimaliza.

Swali langu jingine, x³ − 3x + 1 = 0, limegoma. Wagombea ni 1 na −1 tu, nao wanatoa −1 na 3. Mizizi mitatu ipo, ila hakuna hata mmoja ulio namba wiano. Ule ulio kati ya 0 na 1 nimeukadiria kwa kugawa nafasi nusu kwa nusu: takriban 0.347.