Petroli ya oktani 91 au 95 kwa gari la familia?

Habari wanajamvi, naomba ushauri. Gari ni la lita 1.5, halina tabo, na kwenye kifuniko cha tangi imeandikwa oktani 91. Nimejaribu 95 kwa matangi matatu, nikipima ulaji kwa kujaza hadi juu kila mara: kilomita 14 kwa lita, sawa kabisa na 91. Naelewa oktani ni uwezo wa petroli kutojiwasha yenyewe inapogandamizwa, si nguvu ya ziada. Kinachonitatiza ni hiki: nikipanda mlima kwa gia kubwa na 91, injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo, na 95 inatulia. Plagi ni mpya, za namba sahihi.

Je, yaweza kuwa kaboni imeganda ndani ya silinda, nikiisafisha 91 itatosha? Au nianze na sensa ya kugonga?