Yuro zangu za wageni zinanipa hasara: nifunge bei na benki?

Binti_Kasuarina
Salaamu wana ukumbi. Nina nyumba ya wageni hapa Malindi, na wengi wanaokuja ni Waitaliano. Kwa mwaka napokea kama yuro 40,000. Mwanzoni mwa 2024 yuro moja ilinipa karibu shilingi 175. Kufika katikati ya mwaka ilikuwa kama 140, na mishahara haikupungua hata senti. Tangu hapo silali vizuri. Sasa benki wananishawishi nitie sahihi mkataba wa kuwauzia yuro zote 40,000 za msimu ujao kwa bei tunayokubaliana leo. Nyumba nimekodi kwa Mtaliano, namlipa yuro 14,000 kila Aprili, na wakala wa kule Italia kamisheni yake ni kama 6,000. Yuro ikiingia nabadilisha siku hiyo hiyo. Nifanyeje?

Kijana_wa_Mambrui
Dada, chukua mkopo wa yuro, riba yake huwa chini ya ya shilingi. Mapato yuro, deni yuro, bei ikipanda au ikishuka hujali.

Mzee_wa_Daftari
Bi Kasuarina, usitie sahihi kwanza. Yuro 40,000 si zote zilizo hatarini. Kodi ni yuro, kamisheni ni yuro. Yuro inayoingia na kutoka ikiwa yuro haina habari na shilingi. Toa 14,000, toa 6,000, zinabaki 20,000. Hizo ndizo zinazokwenda kulipa mishahara, stima na soko, na hizo ndizo zilizokuumiza. Kutoka 175 hadi 140 ni shilingi 35, mara 20,000 ni laki saba. Inauma, lakini si milioni moja na laki nne.

Ukiiahidi benki yuro 40,000, Aprili mwenye nyumba atataka zake, na benki watataka zao zote. Itabidi ukanunue yuro kwa bei ya siku hiyo. Utakuwa umetengeneza hatari ambayo hukuwa nayo.

Halafu hilo la kubadilisha siku hiyo hiyo. Tuseme benki wananunua kwako kwa 138 na kukuuzia kwa 143. Ukiuza 14,000 Januari, ukazinunua tena Aprili kumlipa mwenye nyumba, hata bei isiposogea umepoteza 70,000. Fungua akaunti ya yuro. Za Krismasi na Januari zikiingia, kodi ya Aprili iwekwe kando kwanza, isiguswe. Uza tu zile za matumizi ya shilingi.

Nahodha_Shela
Mimi niko Lamu, nina boti ya mashine, wageni wananilipa dola, petroli nanunua kwa shilingi. Basi na mimi sina kinga?

Mzee_wa_Daftari
Nahodha, unayo kiasi. EPRA hutangaza bei ya mafuta kwa shilingi kila mwezi, lakini mafuta yenyewe huagizwa kwa dola. Shilingi ikianguka, petroli hupanda, na dola zako nazo zinaleta shilingi nyingi zaidi. Hupishana kwa wiki kadhaa tu. Ujira wa mabaharia wako ndio hauna kinga.

Kijana wa Mambrui, umepatia nusu. Mkopo wa yuro unazipunguza kweli zile 20,000. Lakini wageni wasipokuja, kama 2020, deni litabaki yuro na mfukoni mna shilingi. Hata hiyo kodi ya yuro ni kinga mradi vitanda vina watu. Nisingeongeza deni juu yake.

Mama_Ngomeni
Mimi nilijaza kwa watu wa Nairobi. Masika Waitaliano hawapo, vyumba vitupu, na wafanyakazi wanataka mshahara. Siku hizi watu wa semina na familia za likizo ya shule wananilipa shilingi, nazo zinalipa mishahara ya Aprili na Mei. Siuzi tena yuro kwa shida. Ila bei ya chumba ni ndogo, na wanataka chakula kingi!

Mzee_wa_Daftari
Bi Kasuarina, swali moja nilipaswa kuanza nalo. Wakala anakutumia pesa yote kisha unamlipa, au anajikatia kwanza?

Binti_Kasuarina
Anajikatia. 40,000 ndiyo inayofika kwangu.

Mzee_wa_Daftari
Basi nimekosea hesabu. Kamisheni imeshatoka, usiitoe mara ya pili. Zilizo hatarini ni 26,000, na laki saba ile inakuwa laki tisa na elfu kumi.

Binti_Kasuarina
Nimefungua daftari sasa hivi, ni kweli. Jumatatu naenda kufungua akaunti ya yuro. Lakini hizo 26,000, watu wa Nairobi watajaza ngapi? Nina vyumba sita tu. Bado nafikiria kufunga bei kwa 10,000.

Mama_Ngomeni
Subiri masika moja uone, mwanangu. Mimi mwaka wa kwanza nilijaza robo tu.